Jozi yako ya hisa imeachana na hairudi: namna ya kutafuta kosa

Jumatatu asubuhi kijana tunayekaa naye meza moja, ghorofa ya tatu Mtaa wa Samora, aligeuza kompyuta yake upande wangu. "Kaka, hebu niangalizie hii. Korelesheni ni 0.94, mbona pengo linazidi kupanuka?"

Alikuwa ameshika jozi ya hisa za benki mbili za nje. Ile iliyoonekana imepanda mno aliiuza kwa kuazima, na ile iliyobaki nyuma akainunua, akingoja zikutane. Aliingia pengo likiwa juu ya wastani wake kwa michepuko ya kawaida 2.1. Siku 61 za soko zilikuwa zimepita, na sasa lilikuwa 3.4. Kila siku anamlipa dalali ada ya hisa za kuazima, na kila siku anajiambia kwamba kadiri pengo linavyopanuka ndivyo faida itakavyokuwa nono likirudi.

Hesabu zote alikuwa nazo kwenye faili moja, ndiyo maana tuliweza kurudi nyuma hatua kwa hatua. Makosa tuliyoyakuta nimeyaona kwa watu wengi, kwa hiyo nayaandika kwa mpangilio wa dalili. Anza na ile inayofanana na yako.

Dalili ya kwanza: korelesheni iko juu, lakini pengo linakwenda na halirudi

Uliza kwanza: korelesheni ya nini? Ile 0.94 ya kijana wetu ilipimwa kwenye bei zenyewe. Bei za hisa mbili zilizopanda miaka mitatu mfululizo zitatoa korelesheni kubwa hata kama hazihusiani kabisa, kwa sababu zote zinaelekea upande mmoja. Granger na Newbold walilionyesha hili mwaka 1974: ukichukua mifuatano miwili inayotangatanga, kila mmoja kivyake, ukaifanyia rigresheni, mara nyingi sana utapata uhusiano unaoonekana wa nguvu, na haupo. Kwa hiyo namba hiyo tuliifuta.

Tukapima korelesheni ya mabadiliko ya kila siku. Ikatoka 0.71. Hiyo ni ya kweli: benki mbili za nchi moja husukumwa na habari zile zile za riba na uchumi. Lakini hata hii haijibu swali analouliza mfanyabiashara wa jozi.

Nenda Feri asubuhi uangalie ngalawa mbili zilizotia nanga mbali kidogo na ufukwe. Wimbi likija zote mbili zinapanda, likipita zote zinashuka. Hiyo ndiyo korelesheni. Sasa nanga zing'olewe, mkondo uzichukue. Zitaendelea kupanda na kushuka pamoja kwa kila wimbi, huku moja inaelekea Kigamboni na nyingine inaelekea Masaki. Tofauti na hapo, angalia jahazi linalovuta kihori nyuma yake kwa kamba. Kihori kinayumba kivyake, wimbi dogo linalokirusha jahazi hata halilihisi. Kwa jicho la haraka vyombo hivyo viwili havifanani mwendo. Lakini kihori kikibaki nyuma sana, kamba inakivuta. Kamba hiyo ndiyo kointegresheni. Biashara ya jozi inakula kwenye kamba, haili kwenye mawimbi.

Tuweke hesabu, maana hapa ndipo watu hushtuka. Chukua hisa mbili, kila moja ikiyumba asilimia 1.5 kwa siku, korelesheni ya mabadiliko yao ikiwa 0.9, ambayo kila mtu angeiita kubwa. Pengo kati yao linabadilika kila siku kwa mchepuko wa kawaida wa

```
1.5 * sqrt(2 * (1 - 0.9)) = 0.67
```

yaani asilimia 0.67. Ni kidogo. Ila kama hakuna kamba, mabadiliko hayo yanajumlishana, na pengo linakua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya siku. Baada ya siku 250, yaani mwaka wa soko, mchepuko wa pengo ni asilimia 10.6. Baada ya miaka minne ni asilimia 21. Haufiki mahali ukasimama. Hisa zenye korelesheni ya 0.9 zimeachana kwa moja ya tano ya bei, na hakuna kilichoharibika. Ndivyo zilivyo tangu mwanzo.

Kinyume chake kinawezekana pia. Andika hii uione kwa macho yako:

```python
import numpy as np
from statsmodels.tsa.stattools import coint

rng = np.random.default_rng(7)
n = 1000
x = np.cumsum(rng.normal(0, 0.01, n))
s = np.zeros(n)
for t in range(1, n):
    s[t] = 0.8 * s[t-1] + rng.normal(0, 0.015)
y = x + s

print(np.corrcoef(np.diff(x), np.diff(y))[0, 1])
print(coint(y, x))
```

Hapa `x` inatangatanga bila mwelekeo, na `s` ni pengo lenye kamba: kila siku linabakiza asilimia 80 ya jana na kuongezewa mtikisiko mpya. Korelesheni ya mabadiliko ya siku itakuwa karibu na 0.53, ambayo wengi wangeitupa. Lakini pengo lenyewe lina mchepuko wa asilimia 2.5 leo, mwakani, na miaka kumi ijayo. Kipimo cha kointegresheni kitaitambua jozi hii bila kusita, kwa takwimu iliyo chini sana, karibu na -10.

Kwa hiyo ukitaka kuchagua jozi, usianze kwa kupanga orodha kwa korelesheni na kuchukua za juu. Utatupa vihori na kubaki na ngalawa.

Dalili ya pili: `adfuller` imesema ndiyo, soko limesema hapana

Kijana hakutegemea korelesheni peke yake. Alikuwa amepima mzizi wa kizio, na kipimo kilikuwa kimekubali. "Thamani ya p ni 0.038, kaka. Chini ya 0.05."

Twende taratibu. Mfuatano una mzizi wa kizio kama mahali ulipo leo ni mahali ulipokuwa jana pamoja na mtikisiko mpya, basi. Haukumbuki nyumbani ni wapi. Bei za hisa nyingi ziko hivyo. Kipimo cha Dickey na Fuller, cha mwaka 1979, ambacho ndicho `adfuller` ya Python inakifanya, kinauliza swali moja kuhusu pengo: je, badiliko la leo linategemea pengo lilikuwa wapi jana?

```
badiliko(t) = c + g * pengo(t-1) + mabadiliko ya nyuma + mtikisiko
```

Kama `g` ni sifuri, pengo halikumbuki nyumbani. Kama `g` ni hasi, pengo likiwa juu linavutwa chini na likiwa chini linavutwa juu. Kwake `g` ilikuwa -0.03, maana yake kila siku pengo linapungua asilimia 3, na linafikia nusu yake baada ya siku 23 hivi. Takwimu ya kipimo, yaani `g` ikigawanywa kwa kosa lake la makadirio, ilikuwa -2.97.

Kosa liko kwenye kizingiti. Kizingiti cha kawaida cha asilimia 5 kwa kipimo hiki, chenye namba isiyobadilika ndani yake, ni takriban -2.86. Takwimu ya -2.97 inakivuka. Lakini kizingiti hicho ni cha mfuatano uliopewa ulivyo. Pengo la jozi hujapewa, umelitengeneza mwenyewe. Umefanya rigresheni ya hisa moja juu ya nyingine, na rigresheni kazi yake ni kutafuta ule uzito unaofanya mabaki, yaani pengo lenyewe, yawe madogo kuliko yote. Ni kama fundi wa Kariakoo aliyekupima kwanza kisha akashona: suti ikikukaa, huwezi kusema ni bahati ya kuikuta dukani. Mabaki yameshonwa ili yaonekane tulivu, kwa hiyo yanapaswa kuvuka kizingiti kigumu zaidi.

Engle na Granger walipoandika utaratibu huu wa hatua mbili mwaka 1987 walitoa vizingiti vyake peke yake, na baadaye MacKinnon akavipanga kwa ukubwa tofauti wa data. Kwa hisa mbili, kizingiti cha asilimia 5 ni takriban -3.34, na cha asilimia 10 ni -3.04. Takwimu ya kijana, -2.97, haifiki hata cha asilimia 10. Thamani yake halisi ya p ni kama 0.12. Takwimu moja, hukumu mbili, na ile sahihi ilikuwa inasema usiingie.

Marekebisho ni mstari mmoja. Usichukue mabaki ukayapeleka kwenye `adfuller`; peleka hisa zote mbili kwenye `coint`, ambayo inatumia vizingiti vya MacKinnon:

```python
import numpy as np
from statsmodels.tsa.stattools import adfuller, coint

a = np.log(bei["A"])
b = np.log(bei["B"])

print(adfuller(a)[1], adfuller(b)[1])
print(coint(a, b)[:2])
print(coint(b, a)[:2])
```

Mstari wa kwanza wa majibu unapima kila hisa peke yake, na hapo unataka thamani ya p iwe kubwa. Inashangaza kidogo mara ya kwanza. Kointegresheni ni habari ya vitu viwili vinavyotangatanga ambavyo pengo lao halitangatangi. Kama mojawapo tayari ni tulivu yenyewe, basi hakuna cha kufungia kamba, na jibu la `coint` halina maana.

Mistari miwili ya mwisho inageuza nani yuko kushoto. Watu huruka hatua hii, kisha wanashangaa mwenzao mwenye data ile ile amepata jibu jingine. Kwa kijana wetu rigresheni ya A juu ya B ilitoa uzito wa 1.18. Tulipogeuza, B juu ya A ilitoa 0.749, ambayo ukiigeuza kichwa chini ni 1.34. Sasa kwa kila hisa ya A yenye thamani ya shilingi mia, unashika B ya 118 au ya 134? Tofauti hiyo ni mzigo usio na mwenzake upande wa pili, na soko zima likipanda au likishuka unaubeba wewe. Kama jozi ina kamba ya kweli, namba hizo mbili hukaribiana, na `coint` hukubali pande zote mbili. Zikiwa mbali namna hii, mimi jozi naiacha hata kabla ya kuangalia kitu kingine.

Dalili ya tatu: umepima jozi nyingi, nyingi zimefaulu, na zote zinakufa baadaye

Hili halikuwa tatizo la kijana, ila ni la rafiki zake wawili waliokuja kuangalia. Mmoja alikuwa na hisa 60 kwenye faili na kitanzi kinachopima kila jozi. Hisa 60 zinatoa jozi 1,770. Kizingiti cha asilimia 5 kinamaanisha kwamba hata kama hakuna jozi hata moja yenye kamba, takriban 88 zitafaulu kwa bahati. Yeye alikuwa na jozi 103 zilizofaulu, akazipanga kwa thamani ya p, akachukua kumi za juu. Kumi za juu za orodha kama hiyo kwa sehemu kubwa ni waliobahatika zaidi.

Kushusha kizingiti kunasaidia, lakini kuna gharama yake, nayo inahitaji kuelezwa. Kipimo hiki ni kizito kuamka. Chukua jozi yenye kamba ya kweli, pengo likipungua asilimia 3 kwa siku. Ukiwa na data ya mwaka mmoja, siku 250, takwimu unayoweza kuitarajia ni kama -1.95. Haifiki popote. Ukiwa na miaka mitatu inasogea hadi -3.4, ndiyo kwanza imegusa kizingiti. Maana yake, kipimo kikikataa hakijasema hakuna kamba. Huenda hujakionyesha vya kutosha. Na usidhani utakiamsha kwa kuchukua bei za kila dakika tano za mwezi mmoja. Mistari itakuwa mingi, lakini kamba inayovuta kwa siku 23 ndani ya mwezi huo imevuta mara moja tu. Kinachohitajika ni urefu wa kalenda.

Ukishusha kizingiti sana unatupa jozi nzuri pamoja na za bahati. Njia niliyoiona inafaa zaidi ni kupunguza orodha kabla ya kupima. Andika sentensi moja kwa kila jozi: nini kinazifunga hizi mbili? Aina mbili za hisa za kampuni ile ile zinafungwa na mali ile ile. Kampuni mama na tanzu yake iliyoorodheshwa zinafungwa na umiliki. Wachimbaji wawili wa dhahabu wenye gharama zinazokaribiana wanafungwa na bei ya dhahabu, kamba nyembamba zaidi hiyo. Kama sentensi haiji, usipime. Rafiki yake alifanya hivyo, jozi 1,770 zikabaki 41. Kati ya 41, bahati peke yake ingetoa mbili hivi. Sasa zikifaulu saba unajua una kitu cha kuchunguza.

Dalili ya nne: bei za hapa DSE zinafaulu kirahisi mno

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wetu tunajifunzia kwenye bei za nyumbani. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza hisa Aprili 1998, TOL ikiwa ya kwanza kuorodheshwa, na leo mtu anaweza kupata miaka mingi ya bei za CRDB, NMB, TBL, TPCC na nyingine. Kazi yenyewe ya jozi, ya kununua huku na kuuza za kuazima kule, hufanywa kwenye masoko ambako kuazima hisa ni jambo la kila siku. Lakini kupima unaweza kupimia popote, na hapo ndipo mtego ulipo.

Hisa kadhaa za hapa hukaa siku nyingi bila kuuzwa hata moja. Bei kwenye faili haiachi nafasi wazi. Inarudia ya mwisho. Sasa fikiria hisa A inauzwa kila siku na hisa B inauzwa mara moja kwa wiki. Habari inakuja Jumatatu, A inapanda. B kwenye faili yako imesimama palepale, kwa hiyo pengo limefunguka. Ijumaa mtu mmoja anauza B, bei inaruka kuifuata A, pengo linajifunga. Wiki ijayo hivyo hivyo. Kipimo kinaona pengo linalofunguka na kufunga kwa utaratibu mzuri, na kinatoa takwimu ya -5 au -6. Wewe unafurahi.

Lakini Jumatatu ile hukuweza kuinunua B kwa bei iliyoandikwa. Hakukuwa na muuzaji. Pengo lilikuwa la kwenye karatasi, na lilipojifunga Ijumaa hakuna aliyelipwa.

Kuligundua si kazi. Tafuta safu ya kiasi kilichouzwa, uhesabu siku ambazo ni sifuri. Kisha pima upya kwa siku zile tu ambazo hisa zote mbili ziliuzwa:

```python
hai = (kiasi["A"] > 0) & (kiasi["B"] > 0)
print(hai.mean())
print(coint(a[hai], b[hai])[:2])
```

Kama `hai.mean()` ni 0.3, yaani siku tatu tu kati ya kumi, kaa ukijua kwamba jibu la mwanzo lilikuwa linapima ukimya wa soko. Angalia pia nani anafunga pengo. Kwenye kamba ya kweli mara nyingine A inarudi, mara nyingine B inapanda. Ikiwa kila mara ni B inayoruka, na kila mara ni siku ya kwanza yenye mauzo, basi unaangalia bei iliyochelewa kuandikwa.

Jambo la pili la kuangalia kwenye faili hizi ni marekebisho ya bei. Kampuni ikigawa hisa moja kuwa tano, bei inashuka kwa asilimia 80 usiku mmoja na hakuna aliyepoteza kitu. Faili isiyorekebishwa inaonyesha shimo. Gawio nalo, bei hushuka hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, na kwa kampuni inayolipa mara moja kwa mwaka ngazi hiyo inaonekana wazi. Chora grafu ya pengo kabla ya kupima chochote. Ngazi inaonekana kwa jicho kabla haijaonekana kwa takwimu.

Dalili ya tano: jozi ilifaulu kihalali, ikafanya kazi, kisha ikafa

Kamba hukatika. Hapa tatizo haliko kwenye kipimo. Kipimo kinaeleza miaka uliyokipa, hakiahidi mwaka unaofuata.

Mfano wa karibu ni saruji. Twiga, yaani TPCC, na Tanga, zote zinachoma chokaa, zote zinauza kwenye ujenzi ule ule wa nchi hii, zote ziliorodheshwa DSE. Sentensi ya kamba inaandikika bila shida. Lakini Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, kampuni ya kundi lile lile linaloimiliki Twiga, inataka kununua hisa nyingi za Tanga, na suala hilo likaenda hadi Baraza la Ushindani mwaka 2022. Kuanzia tangazo lile, mtu aliyeweka bei kwenye hisa ya Tanga hakupima saruji peke yake. Alipima kama ununuzi ungepita, na kwa bei gani. Pengo la miaka ya kabla ya hapo lisingeweza kukuambia hilo. Mtu aliyeshika jozi hiyo kwa uzito wa zamani angekuwa anasubiri kamba ambayo imeshaachiliwa upande mmoja.

Turudi kwa kijana. Tuligawa miaka yake mitatu. Siku 504 za kwanza zilitoa uzito wa 1.31. Siku 252 za mwisho zilitoa 0.92. Ile 1.18 aliyokuwa ameshika ilikuwa wastani wa mahusiano mawili tofauti, na haikuwa sahihi kwa lolote kati yao. Akafungua taarifa za mwaka za benki hizo, na ndani ya nusu saa akapata sababu: mojawapo ilikuwa imeuza kitengo chake cha mikopo ya nyumba katikati ya kipindi kile. Benki mbili zilizokuwa zinakula sahani moja zilikuwa zimeanza kula tofauti.

Kulikuwa na njia ya kuliona hili mapema bila kusubiri taarifa za mwaka, na sasa ndiyo tunayoitumia ofisini. Usiweke kikomo cha kutoka kwa ukubwa wa pengo peke yake, weka na kwa siku. Pengo lake lilidaiwa kupungua asilimia 3 kila siku. Kwa kasi hiyo, baada ya siku 61 michepuko 2.1 ilipaswa kubaki kama 0.33:

```
2.1 * 0.97**61 = 0.33
```

Weka juu yake yumbo la kawaida la pengo, ambalo ni mchepuko mmoja hivi upande wowote. Unaweza kukuta 1.3, unaweza kukuta -0.7, hata 2 kwa siku mbaya. Yeye alikuwa na 3.4. Namba hiyo iko mbali mno na 0.33 kiasi kwamba maelezo yanayobaki ni moja: ile `g` ya -0.03 haipo tena, au haikuwepo. Tumeweka kikomo kwenye mara mbili ya muda wa pengo kupungua nusu. Kwake ingekuwa siku ya 46.

Alinyamaza kidogo akiangalia ile 0.33 kwenye skrini. "Kwa hiyo nilivyokuwa naona limepanuka nikasema faida inaongezeka..."

"Lilikuwa linakuambia halirudi."

Aliweka oda za kufunga pande zote mbili kabla ya saa saba mchana, saa za hapa, zisubiri soko la kule lifunguliwe jioni. Hasara ilikuwa asilimia 4.6 ya fedha alizoweka kwenye jozi hiyo, ukiondoa ada ya kuazima. Kisha akachukua orodha yake ya jozi nyingine tisa, akaanza na safu mpya mwanzoni kabisa mwa faili, kabla ya bei na kabla ya thamani ya p. Ameipa jina `kamba`, na ndani yake inaandikwa sentensi. Hadi tunatoka kazini, jozi nne zilikuwa na sentensi.